Mandazi ya Saa Nne

Kiti kililetwa Jumatatu asubuhi kikiwa kimefungwa utepe mwekundu, na Kitonga, mkuu wa ofisi, ndiye mwenyewe aliyeushika mlango ili kipite. Kilikuwa kiti cha mbao nzito, chenye miguu minene na mikono mipana, kazi ya fundi wa majeneza wa mtaa wa Sofia, pale Voi. Kitonga hakuficha kwamba ni fundi wa majeneza. Hiyo ilikuwa nusu ya utani. Alikisukuma hadi kwenye meza ya Lois, akakipiga kofi mgongoni.

"Lois," alisema, huku ofisi nzima imegeuka kutazama, "hiki hata ukikikalia na ukoo wako wote wa Mwanda, hakivunjiki."

Wakacheka. Walicheka vile watu hucheka mkubwa wao anapotania, kwa sauti kuliko utani wenyewe. Oyugi wa mafaili alicheka mpaka akainamia meza. Lois naye akacheka, kwa sababu ungefanya nini? Ijumaa iliyotangulia, kiti chake cha magurudumu kilikuwa kimepasuka chini yake katikati ya hesabu za mwisho wa mwezi, naye akaenda chini na karatasi zote za mishahara ya wakata mkonge. Hakuumia popote pa kuonyesha daktari. Alidhani Jumatatu wangekuwa wamesahau.

Aliketi kwenye kile kiti. Kweli hakikuvunjika. Akaendelea kuandika, na moyoni akaweka ahadi moja tu, bila maombi wala machozi: siku moja Kitonga atakikalia kiti hiki, mbele ya watu hawa hawa, na yeye Lois atamwambia maneno yale yale. Kuanzia siku hiyo hakutaka kitu kingine ofisini humo, hata kupandishwa cheo.

Sasa, kulipiza kisasi ni kazi kama kazi nyingine, na Lois aliianza vibaya. Aliacha kula mchana. Ilikuwa rahisi, maana mapumziko yao yalikuwa nusu saa tu, na nusu saa hiyo kwa kawaida iliishia kwenye foleni ya hoteli ya ng'ambo ya barabara, ukingoja chapati maharagwe na soda ya kuziteremsha. Akakata hayo yote. Jioni alitoka ofisini giza limeingia, akafika nyumbani Mwakingali tumbo linanguruma, akasonga ugali wa watu wawili na kuumaliza amesimama jikoni, bila kuvua viatu. Kisha akalala akijisifu kwamba leo hakula kitu mchana.

Wiki ya kwanza mizani ya duka la dawa ilishuka vizuri, akatoka pale anatembea kwa maringo. Baada ya hapo ikakwama. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, mizani iko pale pale. Na Kitonga kila akipita mezani pake anakipapasa kile kiti na kuuliza, "Mzee bado yuko imara?" Kiti kilikuwa kimeshapewa jina. Kinaitwa Mzee.

Lois akapanda kwenda Wundanyi kumwona Rachel. Huyu ni binti wa mamake mdogo, na ni afisa wa lishe katika zahanati moja huko milimani, msichana mpole ambaye hukusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Alimsikiliza Lois akihesabu alivyoviacha: chapati, soda, maharagwe ya hotelini, mchana mzima.

"Na chai?" Rachel akauliza.

"Chai si chakula, Rachel."

"Ya ofisini inapikwaje?"

Ilipikwa kama inavyopikwa ofisi nyingi. Mama Oduor, aliyekuwa akiwapikia tangu mumewe alipostaafu reli, alichemsha maziwa mengi na maji kidogo katika sufuria moja, akatia sukari humo humo ndani, akajaza chupa mbili kubwa. Sukari haikuwekwa mezani kwa sababu siku za nyuma mkebe wake ulikuwa ukipata miguu. Kwa hiyo hapakuwa na chai ya mtu. Palikuwa na chai ya watu, tamu kwa wote sawasawa. Nayo ilikuja na mandazi saa nne na chapati saa kumi. Na mtu akikaa na hesabu mpaka usiku, akiisikia njaa ambayo hakuilisha mchana, kilicho karibu ni ile chupa. Lois alikunywa kikombe baada ya kikombe na kujiona amefunga.

"Na mandazi?"

"Hayo huja na chai," Lois alisema.

Rachel hakucheka, na kwa hilo Lois alimpenda milele. Alimweleza tu. Vikombe vyake vya kutwa, alisema, pamoja na maziwa na ile sukari, ni sahani nzima ya ugali ambayo haionekani. Mandazi na chapati ni sahani nyingine. Mwili haujui kwamba hivyo ni vitu vya kupitisha wakati. Unaviweka akiba vile vile. Ile nafuu ya wiki ya kwanza ilikuwa maji zaidi kuliko mafuta, na ule ugali wa usiku ni mchana wenyewe umerudi kudai haki yake. Dawa si kufa njaa. Dawa ni kuupa mwili pungufu kidogo ya unavyotumia, kila siku, kwa muda mrefu, mpaka uanze kula akiba yake wenyewe.

"Kula mchana, dada," alisema. "Beba chakula chako. Mayai, ndengu, omena, kitu cha kukushibisha na kulinda misuli, na mboga nyingi. Ugali weka kiasi cha ngumi yako. Hata kimanga cha mama mkubwa, ule mseto wake wa mihogo na maharagwe, kula, lakini si sufuria nzima. Chai iwe strungi, ya rangi tu, bila maziwa wala sukari."

"Na mazoezi? Mimi muda sina, Rachel. Jua linanikuta ofisini na kuniacha humo humo."

"Una kiti?"

Lois akamtazama vizuri aone kama habari za Mzee zimefika mpaka Wundanyi. Hazikuwa zimefika.

"Kiti kizito kisichoyumba," Rachel akaendelea. "Unakaa, unasimama, bila kushika popote. Polepole. Miguu ikichoka unapumzika, unaanza tena. Halafu unaweka mikono mahali pa kukalia, unanyoosha mwili nyuma, unajishusha na kujisukuma juu. Robo saa inatosha, mara chache kwa wiki. Na miguu ni yako, tembea."

Lois aliteremka kurudi Voi akiwa amechangamka ajabu. Kumbe silaha aliletewa na adui mwenyewe, tena na utepe juu.

Akaanza kufika ofisini kabla ya watu, kwa miguu kutoka Mwakingali, asubuhi jua la Voi likiwa bado lina adabu. Akafunga mlango, akamvuta Mzee katikati ya chumba, akaanza. Kukaa, kusimama. Siku za mwanzo magoti yalilalamika na mapaja yakatetemeka hadi akaogopa ngazi. Kila alipoketi alimwona Kitonga akikipiga kofi kile kiti. Kila aliposimama alimwona akiketi. Sidhani kama kuna mwalimu wa mazoezi mwenye kelele ya kumshinda yule aliyekuwa kichwani mwa Lois. Mchana alikula ndengu zake mezani bila foleni, na dakika zilizobaki akatembea hadi kwenye njia ya reli na kurudi.

Ikabaki chai. Kumwomba Mama Oduor chai ya pekee yako ilikuwa kumwambia ya kwake haifai, na Lois alihangaika nayo siku mbili. Mwishowe akambebea majani yake kutoka nyumbani na kusema ni maagizo ya zahanati. Mama Oduor alinuna, akamchemshia, akamwekea kikombe bila neno. Lakini mandazi hakuacha kumwekea. Mgao ni mgao. Kila saa nne kisahani cha Lois kilitua mezani na mandazi mawili ya moto, na kila saa kumi kikarudi na chapati.

Siku ya kwanza aliyafunika na karatasi. Siku ya pili alitaka kumpa Oyugi. Kisha macho yake yakaenda kwenye meza ya Kitonga, kule mbele, na kwenye kisahani chake kilichokwisha kusafishwa. Kitonga alikuwa mtu wa wastani wakati huo, ana kitambi kidogo cha heshima tu. Alikaa kuanzia asubuhi hadi usiku kama wote. Alikuja na gari na kuondoka na gari.

Lois akasimama na kisahani chake.

"Bosi," alisema kwa sauti ya asali, "mimi siku hizi sili hivi. Usiache viharibike."

"Diet, eh?" Kitonga akacheka, akapokea. "Basi Mungu akubariki, Lois."

Hakuna aliyemlazimisha. Hilo Lois alilisema moyoni mara nyingi, kila siku ya kazi, akirudi mezani mikono mitupu na moyo umejaa. Hakutia sumu. Alitoa mandazi. Kitonga alikula yake na ya Lois, chapati yake na ya Lois, akiteremsha na ile chai ya maziwa, na mwili wake nao ukaweka akiba, kwa sababu mwili hauulizi chakula kimetoka kwa rafiki au kwa nani. Lois alikuwa amefundishwa hesabu hiyo huko Wundanyi. Aliigeuza tu upande wa pili.

Miezi ikapita hivyo. Mizani ilishuka kwa uchoyo. Wiki nyingine ilishuka, nyingine ikagoma, na mwisho wa mwezi, kazi ilipomnyima usingizi, njaa ilimwandama kutwa na mizani ikapanda kidogo. Alikuwa ameambiwa asiigombeze. Akavaa mkanda wa sketi aone, na mkanda ukasema ukweli: tundu jipya, kisha jingine. Jumapili alipopanda Mwanda, mamake alimshika mkono akaupima kwa vidole.

"Mwanangu, una shida gani ambayo huniambii?"

"Sina shida, mama. Nakula vizuri."

Mamake hakuamini, na wengine pia hawakuamini. Siku moja Lois akitoka msalani alimsikia Kitonga akimwambia Oyugi kule kwenye mafaili, "Mtu akikonda hivyo, usiulize sana. Si diet pekee inakondesha watu." Oyugi akaguna. Wote wawili walijua ni ugonjwa gani unaosemwa.

Lois alirudi akaketi juu ya Mzee, uso unawaka. Mpaka hapo alikuwa ameanza kuchoka na chuki yake, karibu ayaache yaishe. Sasa ikarudi nzima. Saa kumi ilipofika alichukua chapati yake, akaongeza na ya Branice wa mapokezi ambaye hakuja kazini siku hiyo, akazipeleka zote mbili mbele. Kitonga alishukuru.

Siku yenyewe ilikuja bila tarumbeta. Kiti cha Kitonga kilikuwa cha ngozi, chenye kishikizo cha kupandisha na kushusha, na hakikuvunjika hata. Kilitoa pumzi ndefu tu, katikati ya mkutano wa asubuhi, na kikashuka naye polepole mpaka kidevu chake kikawa sawa na meza. Alivuta kishikizo. Kiti kikapanda nusu, kikatoa pumzi tena, kikamshusha mbele ya watu wote. Shati lake lilikuwa limemkaza tumboni, kifungo kimoja kinashikilia kwa imani. Hakuna aliyecheka, walikuwa wanangoja kuona kama ni ruhusa.

Lois aliinuka bila kushika popote, mara moja, kama alivyoinuka kila asubuhi miezi yote hiyo. Akamnyanyua Mzee kwa mikono yake miwili, kile kiti ambacho siku ya kwanza kiliingizwa kwa kusukumwa, akakibeba katikati ya meza hadi mbele, akakitua karibu na Kitonga.

"Bosi, kalia hiki," alisema. Akakipiga kofi mgongoni. "Hiki hata ukikikalia na ukoo wako wote, hakivunjiki."

Kimya kilikuwa kizuri. Kisha Oyugi akacheka, na baada yake wote, mpaka Mama Oduor aliyekuwa mlangoni na chupa zake. Kitonga alicheka pia, kwa sababu angefanya nini? Aliketi. Mikono ya kiti ilimbana kidogo kiunoni. Ilikuwa tamu. Nitasema ilivyokuwa: ilikuwa tamu kuliko Lois alivyoiwazia, na siku nzima aliionja tena na tena, akaenda nayo nyumbani, akalala nayo. Kiti kipya kiliagizwa kutoka Mombasa, na kwa jinsi ofisi zinavyoagiza vitu, Kitonga alibaki juu ya Mzee wiki nzima, naye Lois akachukua kiti cha plastiki cha wageni, ambacho hakikulia hata kidogo.

Ijumaa, muda mfupi kabla ya chai, mwanamke mmoja alikuja mapokezi akimuuliza Lois. Alikuwa mrembo aliyechoka, amevaa leso mabegani, na mkononi amebeba mfuko wa maembe.

"Mimi ni Ndeti," alisema. "Wa Kitonga. Hatujawahi kuonana, lakini jina lako nalijua."

Lois alidhani mambo yamejulikana. Akampeleka nje, kivulini mwa ukuta.

"Nimekuja kushukuru," Ndeti akasema. "Huyu mtu wangu hasemi mazuri ya mtu yeyote hapa. Lakini wewe, kila jioni ni Lois. Lois amenipa mandazi yake, Lois amenipa chapati yake. Anasema katika ofisi hii yote ni wewe tu unamkumbuka." Akamkabidhi mfuko. "Haya ni ya kwetu nyumbani."

Lois aliupokea. Ulikuwa mzito.

"Sasa dada, usinielewe vibaya. Mwezi uliopita tulikwenda kupimwa. Presha imepanda, na sukari iko mpakani. Wamesema akipunguza uzito inaweza kurudi chini, asipopunguza itavuka. Babake alikatwa mguu kwa sukari. Hapendi kuzungumza hayo." Ndeti alitazama chini. "Nyumbani namchunga. Hapa sina macho. Najua unampa kwa upendo. Nilikuwa naomba usimpe tena, na kama una moyo, utuonyeshe ulivyofanya wewe. Wanasema ulikuwa mnene."

"Wanasema?" Lois akauliza, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Yeye anasema. Anasema wewe una nguvu kuliko wanaume wote hapa."

Lois aliagana naye, akarudi ndani, akaketi kwenye kiti cha plastiki na maembe miguuni. Aliona haya. Pia alikuwa bado na hasira, tusimpambe. Haya hiyo haikuifukuza hasira, ilikaa pembeni yake. Alimtazama Kitonga kule mbele, aliyebanwa na mbao za fundi wa majeneza, na kwa mara ya kwanza utani ule haukumchekesha mtu yeyote, hata yeye.

Saa nne Mama Oduor akaja. Kisahani kikatua mbele ya Lois, mandazi mawili, ya moto. Kule mbele Kitonga alikuwa ameshamaliza yake. Bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake alinyoosha mkono pembeni, kiganja juu, kama alivyozoea.

Lois alichukua andazi moja akaliuma.

Kiganja kilingoja. Kisha Kitonga akainua macho. "Lois? Na yangu?"

"Leo ninakula mwenyewe, bosi."

"Na diet?"

"Mandazi moja hainenepeshi mtu," Lois alisema. "Inayonenepesha ni ya kila siku."

Kitonga alitazama kisahani chake kitupu, akamtazama Lois mkanda wake ulipofikia, akatazama tumbo lake mwenyewe lililobanwa na mikono ya kiti. Lois aliuona ujumbe ukifika. Ulichukua muda, maana ulikuwa na safari ya miezi mingi.

"Kila siku," Kitonga akasema polepole.

"Ndiyo, bosi. Kila siku." Hakuangalia pembeni. "Ndeti alikuwa hapa. Jumatatu uje kabla ya watu, na usije na gari. Nitakuonyesha hicho kiti kinatumika vipi."

Hakuna aliyecheka. Kitonga alishika mikono ya kiti ili asimame, pengine atoke nje, pengine amfokee, lakini kiti kilikuwa kimembana, na akalazimika kujisukuma mara mbili ndipo akasimama. Akabaki hivyo, amesimama, anahema, hajui aende wapi. Kisha akaketi tena.

Lois akalimaliza andazi lake. Hakuwa amelionja kwa miezi yote hiyo, na lilikuwa tamu sana. Lile la pili akalifunika na karatasi, akarudi kwenye mishahara.